Mzigo wa kuthibitisha ukitwishwa mshtakiwa: jinsi ya kuandika hoja za rufaa

Hukumu ilikuwa na kurasa saba. Maneno yaliyompeleka kijana yule gerezani yalikuwa ukurasa wa sita, mistari minne tu: "Mshtakiwa anasema usiku huo alikuwa baharini. Hakumleta hata mmoja wa wavuvi wenzake, wala hakutoa kitabu cha mizani. Mahakama haijaridhika kwamba alikuwa huko. Kwa hiyo ninamwona ana hatia."

Yasome tena polepole. Hakimu anauliza swali, anakosa jibu la kumridhisha, na papo hapo anatia mtu hatiani. Lakini swali lenyewe, kama mshtakiwa alikuwa baharini, silo alilopaswa kuamua. Alipaswa kuamua kama upande wa mashtaka umethibitisha, bila kuacha shaka ya maana, kwamba mtu aliyeonekana ufuoni na mashine ya boti begani alikuwa kijana huyu na si mwingine. Maswali hayo mawili yanafanana, ila mzigo wake hauko kwa mtu mmoja.

Mwongozo huu unahusu rufaa ya jinai nchini Kenya, kutoka mahakama ya hakimu kwenda Mahakama Kuu, pale mshtakiwa alipojitetea kwa kusema hakuwepo mahali pa tukio, na hakimu akamtaka athibitishe. Hapa Malindi, miongoni mwa mafaili ya rufaa ninayoletewa, hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi, na ndilo linaloandikwa vibaya zaidi. Kesi nitakayoifuata nimeibadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha mtu. Kosa lenyewe sikuligusa.

Kitu kimoja cha kujua kabla hatujaanza: sheria inasema lugha ya Mahakama Kuu katika mashauri ya jinai ni Kiingereza, kwa hivyo hoja zako zitapelekwa kwa lugha hiyo. Hata hivyo zijenge kwanza kwa lugha unayoiwazia. Hoja isiyosimama kwa Kiswahili mbele ya mama mzazi wa mrufani haitasimama kwa Kiingereza mbele ya jaji.

Kesi yenyewe

Mashine ya boti iliibwa ufuoni yapata saa nane usiku. Mlinzi, ambaye ndiye shahidi wa kwanza, alisema alimulika tochi akamwona mtu ameibeba begani, umbali wa hatua kama thelathini. Mtu huyo aligeuka mara moja kisha akakimbia. Mlinzi alisema alimtambua, kwa kuwa ni kijana wa mtaani anayemjua miaka mingi. Mashine haikupatikana kwa mshtakiwa wala kwa mtu mwingine yeyote.

Mshtakiwa alitoa utetezi wake kwa kiapo. Alisema alitoka na wenzake watatu baada ya sala ya isha, wakatega nyavu nje ya mwamba, na wakarudi kumekucha. Samaki walipimwa kama kawaida kwenye banda la BMU, kikundi kinachosimamia ufuo, ambako kitabu cha mizani huwekwa. Alishtakiwa kwa wizi chini ya kifungu cha 268 pamoja na cha 275 vya Kanuni ya Adhabu, akafungwa miaka miwili.

Kwanza, pata mwenendo wote wa kesi, si hukumu peke yake

Rufaa hukatwa ndani ya siku 14 tangu hukumu au adhabu, kwa kifungu cha 349 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Siku zikipita, unaweza kuomba nyongeza ukieleza sababu, na kuchelewa kupewa nakala za mwenendo ni mojawapo ya sababu zinazokubalika. Lakini hoja za maandishi usizianze ukiwa na hukumu mkononi bila maneno ya mashahidi. Hukumu itakuonyesha kosa lilipo. Kama kosa hilo lilimdhuru mrufani, hilo utalijua kwa kusoma maneno ya mashahidi tu.

Mimi husoma mwenendo mara mbili na penseli. Mara ya kwanza sisomi hukumu kabisa. Nasoma mashahidi kwa mpangilio waliokuja, na pembeni naandika kila jambo linalogusa nani alimwona nani, kwa mwanga gani, umbali gani, na alisema nini siku ya kwanza. Mara ya pili nasoma hukumu, na kila sentensi inayotaja utetezi naipigia mstari, kisha naandika kando yake namba ya ukurasa na ya mstari.

Katika faili hili penseli ilisimama ukurasa wa 36. Askari mpelelezi alikuwa akijibu maswali ya dodoso ya mshtakiwa, ambaye hakuwa na wakili. Jibu la kwanza: "Ni kweli uliniambia siku niliyokukamata kwamba ulikuwa baharini." Jibu la pili: "Sikwenda kwenye banda la samaki. Sikuona haja." Kisha ukurasa wa 37, askari huyo huyo anatoa nakala ya kitabu cha matukio cha kituo. Ripoti ya kwanza ya mlinzi, aliyoitoa asubuhi ile ile, inasema aliona "kijana mrefu". Hakuna jina.

Hukumu haikugusa majibu hayo hata moja. Aliyesoma hukumu peke yake angeandika hoja nzuri ya sheria na kuviacha vitu vitatu vyenye nguvu kuliko sheria yenyewe.

Pili, hakikisha kosa lipo kweli

Si kila hakimu anayetaja kwamba mshtakiwa hakuleta shahidi amehamisha mzigo. Hapa ndipo rufaa nyingi zinapojikwaa, kwa sababu mwandishi ameona maneno "hakuleta shahidi" akakimbilia kalamu.

Ninaangalia mambo mawili. La kwanza ni swali ambalo hakimu alijiuliza. Kifungu cha 169 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinataka hukumu itaje mambo ya kuamuliwa, uamuzi, na sababu zake. Kwa hivyo mahali fulani, mara nyingi baada ya muhtasari wa ushahidi, utakuta swali limeandikwa. Likiwa ni "je, upande wa mashtaka umethibitisha kuwa mshtakiwa ndiye?", hakimu ameanza vyema, na huenda neno lililoteleza baadaye lisimdhuru mtu. Likiwa ni "je, mshtakiwa alikuwa baharini?", basi mzigo umeshahama kabla ushahidi haujapimwa. Katika kesi yetu swali la pili ndilo lililoandikwa, ukurasa wa 64 kwa namba za mwenendo wote, ambazo ndizo ninazozitumia kuanzia hapa. Wengi hulipita kwa sababu halina ubaya machoni.

La pili ni mpangilio wa kupima. Soma uone kama hakimu aliupima ushahidi wa mlinzi pamoja na utetezi, au alimwamini mlinzi kwanza, akafunga mlango, kisha akamgeukia mshtakiwa aone kama ataweza kuufungua. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ililisema hili mwaka 1965 katika Okethi Okale dhidi ya Jamhuri [1965] EA 555: mzigo uko kwa upande wa mashtaka muda wote, na jaji anapaswa kuutazama ushahidi kwa ujumla wake. Ukikuta ukurasa wa 65 umeandikwa "nimemwamini shahidi wa kwanza" na ukurasa wa 66 ndio unaanza "sasa nitazame utetezi", umelipata kosa lenyewe.

Kwa upande mwingine, hakimu akiandika "nimeupima utetezi huu pamoja na ushahidi wa mashahidi watatu waliomkamata mshtakiwa akiwa na mali, na naona hauleti shaka yoyote", basi hapo hakuna mzigo uliohama. Amepima, na ameona hautoshi. Kama kesi yako ni ya namna hiyo, tafuta sababu nyingine ya rufaa. Jaji akikuta umelia kosa lisilokuwepo, hata hoja yako ya kweli ataisoma kwa mashaka.

Tatu, angalia hati ya rufaa kabla ya kuandika hoja

Hoja za maandishi hufafanua sababu zilizomo katika hati ya rufaa, hazizai sababu mpya. Hati nyingi zinazoandikwa haraka gerezani husema tu kwamba "hakimu alikosea kwa kutozingatia utetezi wangu". Hilo ni lalamiko jingine. Hakimu wetu aliuzingatia utetezi. Ila aliuzingatia kwa mizani isiyo yake. Kama sababu ya mzigo haimo, omba ruhusa ya kurekebisha hati kabla ya siku ya kusikilizwa, na sababu iandikwe ikionyesha kosa kwa kidole:

"Kwamba hakimu alikosea kisheria kwa kumtaka mrufani athibitishe kuwa alikuwa baharini, na kumtia hatiani kwa sababu hakuthibitisha, ilhali mzigo wa kuthibitisha kuwa mrufani ndiye aliyeiba ulikuwa wa upande wa mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho."

Sababu ya pili iwe ya ushahidi wenyewe: kwamba utambuzi wa shahidi mmoja usiku, kwa tochi, haukutosha. Sababu hizi mbili hutembea pamoja, na sasa nitaeleza kwa nini.

Nne, hoja yenye miguu miwili

Hapa ndipo penye moyo wa mwongozo huu.

Mahakama Kuu inaposikiliza rufaa ya kwanza haikagui sheria peke yake. Kwa mujibu wa Okeno dhidi ya Jamhuri [1972] EA 32, inapaswa kuupima ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe, ikikumbuka tu kwamba haikuwaona mashahidi wala kuwasikia. Maana yake kwako ni hii: ukimwonyesha jaji kwamba hakimu aliweka mzigo mahali pasipo pake, jaji atakubali, kisha atajiuliza, "Haya, na mzigo nikiurudisha mahali pake, ushahidi unatosha?" Kama hukumjibu swali hilo, atalijibu mwenyewe, na upande wa mashtaka utamsaidia kulijibu.

Kwa hivyo mguu wa kwanza ni kosa, na mguu wa pili ni matokeo ya kosa. Nimesoma hoja zenye kurasa kumi juu ya mguu wa kwanza, kesi ishirini zimetajwa, na mguu wa pili una sentensi moja: "mrufani aliathirika." Hoja hizo zinashindwa, na mtu anarudi kwenye seli akiwa na haki iliyokubaliwa kwenye karatasi.

Mguu wa kwanza uwe mfupi. Majaji wanaijua sheria hii. Kurasa mbili zinatosha, na mambo matano tu: Ibara ya 50(2)(a) ya Katiba, kwamba mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo; kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi, kwamba anayedai jambo ndiye anayelithibitisha; Woolmington dhidi ya Mkurugenzi wa Mashtaka [1935] AC 462, ambako kanuni hii ilitamkwa kwa ufasaha uliodumu mpaka leo; Okethi Okale niliyokwisha kuitaja; na juu ya zote, Kiarie dhidi ya Jamhuri [1984] KLR 739. Hii ya mwisho ndiyo yako hasa. Mahakama ya Rufani ilisema kwamba mshtakiwa anayejitetea kuwa hakuwepo hajitwishi mzigo wa kuuthibitisha utetezi huo. Inatosha utetezi ukitia katika akili ya mahakama shaka isiyokuwa ya upuuzi.

Kisha yashike maneno ya hakimu na uyaweke kando ya maneno ya sheria. Mimi huandika hivi:

"Ukurasa wa 66, mstari wa 9 hadi 12, hakimu alisema mahakama 'haijaridhika kwamba alikuwa huko'. Kuridhishwa kwamba mrufani alikuwa baharini hakukuwa sharti la yeye kuachiliwa. Kilichotakiwa ni hakimu aridhike, bila shaka ya maana, kwamba mrufani alikuwa ufuoni. Hakuna mahali katika hukumu ambapo hakimu alisema ameridhika na hilo baada ya kuupima utetezi."

Angalia sentensi ya mwisho. Haisemi hakimu ni mbaya, wala haisemi alikuwa na nia. Inaonyesha kitu ambacho kilipaswa kuwemo na hakimo. Matusi kwa hakimu hayaongezi uzito hata punje, na hoja inayomheshimu hakimu inapendeza zaidi kwa jaji anayejua ugumu wa kazi ile.

Mguu wa pili ndio wa kukaa nao. Hapa unaondoa maneno ya hakimu kabisa na kumwalika jaji apime upya, mzigo ukiwa mahali pake. Anza na ushahidi wa mashtaka, si utetezi. Ukianza kwa kumtetea mrufani kuhusu bahari, wewe mwenyewe umeukubali mzigo kwa mlango wa nyuma.

Katika kesi yetu mpangilio ulikuwa hivi. Ushahidi wote dhidi ya mrufani ni mlinzi mmoja. Alimwona mtu saa nane usiku, hatua thelathini, kwa tochi, kwa muda wa mtu kugeuka mara moja. Sheria ya utambuzi wa shahidi mmoja katika mazingira magumu, tangu kesi ya Abdalla bin Wendo (1953) 20 EACA 166, inataka tahadhari kubwa mno. Upande wa mashtaka utajibu kwamba hapa mlinzi hakumtambua mgeni, alimtambua mtu anayemjua, na kumtambua unayemjua kuna uzito zaidi. Ni kweli, kuna uzito zaidi. Basi ndipo unapolileta lile la ukurasa wa 37. Mtu anayemjua jirani yake miaka mingi, akamwona akiiba, anafika kituoni asubuhi ile ile na kusema "kijana mrefu"? Jina lilichelewa wapi? Hakuna shahidi aliyeeleza.

Sasa, baada ya kuuonyesha ushahidi wa mashtaka ukiyumba wenyewe, ndipo utetezi unaingia. Na unaingia kama sababu nyingine ya shaka, si kama kitu kinachotaka kuthibitishwa. Mrufani alimwambia askari siku ya kukamatwa kwamba alikuwa baharini, kwa hivyo hakuutunga utetezi kizimbani. Askari alikuwa na muda wa kwenda bandani kutazama kitabu cha mizani na kuwauliza wavuvi. Hakwenda, na alikiri hivyo kwa kiapo. Kama kitabu kingeonyesha boti ile haikupima samaki asubuhi ile, utetezi ungeanguka. Kama kingeonyesha ilipima, shtaka lingeanguka. Aliyekuwa na wajibu wa kukitazama ni aliyekuwa na mzigo.

Kisha kuna kifungu ambacho wengi hawakitumii, cha 212 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Mshtakiwa akileta jambo jipya katika utetezi, ambalo upande wa mashtaka haukuweza kulitarajia, mahakama inaweza kuuruhusu ulete ushahidi wa kulijibu. Chukua pande zote mbili: kama utetezi wa bahari ulikuwa mpya, kwa nini upande wa mashtaka haukuomba kuujibu? Kama haukuwa mpya, kwa nini haukuchunguzwa? Swali hili huchukua mistari mitatu kuliandika, nami sijaliona likijibiwa vizuri.

Tano, lijibu lile utakaloulizwa

Upande wa mashtaka una silaha tatu hapa, na ni bora zitoke mkononi mwako kabla hazijatoka mkononi mwake.

Silaha ya kwanza ni kifungu cha 111 cha Sheria ya Ushahidi. Kinasema mshtakiwa ndiye anayethibitisha jambo ambalo yeye hasa ndiye anayelijua, na nani anajua zaidi ya mvuvi mahali alipolala mvuvi? Hoja inavutia, na nimeona wanasheria chipukizi wakiiogopa. Soma kifungu mpaka mwisho. Kijifungu cha pili kinasema hakuna kitu humo kinachopunguza wajibu wa kuthibitisha vitendo na nia vinavyounda kosa lenyewe. Mshtakiwa kuwa ndiye mtendaji ni sehemu ya kosa, tena ya kwanza. Na hata kijifungu cha kwanza kinamalizia kwa kusema mshtakiwa ataachiliwa ikiwa ushahidi wa upande wowote umeleta shaka ya maana. Kifungu hiki kina kazi yake, kwa mfano mtu akidai kuwa ana leseni. Hakikuwekwa ili mtu athibitishe kuwa si mwizi.

Silaha ya pili ni Karanja dhidi ya Jamhuri [1983] KLR 501, iliyosema kwamba mahakama, inapoupima utetezi wa aina hii pamoja na ushahidi mwingine wote, inaweza kuzingatia kwamba mshtakiwa aliuchelewesha. Usiifiche kesi hii. Itaje, kisha onyesha kwamba mrufani wako hakuchelewa, ukurasa wa 36. Kama mrufani wako alichelewa kweli, akausema mara ya kwanza kizimbani, sema hivyo, na ueleze kwamba kuchelewa kunapunguza uzito wa utetezi lakini hakuhamishi mzigo. Lakini ujue hoja yako imepungua nguvu, na mguu wa pili itabidi usimame zaidi juu ya udhaifu wa ushahidi wa mashtaka wenyewe.

Silaha ya tatu ni kifungu cha 382 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwamba hukumu haitenguliwi kwa sababu ya kasoro isipokuwa kasoro hiyo imeleta upotofu wa haki. Jibu lake ni mguu wako wa pili. Kama umeujenga vizuri, andika sentensi mbili tu na umrudishe jaji kwenye kurasa zake.

Barua ya nahodha

Nieleze jambo moja lililotokea, kwa sababu linajirudia karibu katika kila familia.

Mama wa kijana alikuja na bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya nahodha wa boti, imeandikwa kwa mkono na kutiwa sahihi na wavuvi wote watatu, wakisema walikuwa naye usiku ule. Nyuma yake ilibanwa karatasi ya kitabu cha mizani.

"Mwanangu, nahodha yuko tayari hata kesho aje aape," akaniambia. "Iweke hii juu kabisa, jaji aione kwanza."

"Mama, nikiiweka juu nitamharibia mwanao," nikamwambia. "Tutakuwa tumesema kwamba ilikuwa kazi yake kuthibitisha, na ndiyo kwanza analeta sasa. Na jaji hasomi kitu ambacho hakikuwa mbele ya hakimu."

Alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo ukweli hautakiwi?"

Swali hilo lilinichoma, na halina jibu jepesi. Ushahidi mpya unaweza kupokelewa katika rufaa chini ya kifungu cha 358, lakini kwa maombi yake maalumu na kwa ruhusa ya mahakama, na jaji hutaka kujua kwa nini haukuletwa mwanzo. Yawezekana ikafaa katika kesi fulani. Ila usiuambatishe kimyakimya nyuma ya hoja. Utakataliwa, na mbaya zaidi, utakuwa umeikata miguu hoja yako mwenyewe kwamba mrufani hakuwa na la kuthibitisha. Nilimwomba mama aitunze bahasha ile, tukabaki na mwenendo ulivyo.

Sita, omba kitu sahihi

Chini ya kifungu cha 354, Mahakama Kuu inaweza kutengua hukumu na kumwachilia mrufani, au kuagiza kesi isikilizwe upya, na ina uwezo mwingine pia. Hoja nyingi huishia na "mahakama itoe amri yoyote itakayoona inafaa". Usimwachie jaji achague. Kosa la mzigo linaweza kuonekana kama kasoro ya kisheria, na kasoro ya kisheria humvuta jaji kwenye kusikilizwa upya. Kwa mfungwa aliyekwisha kukaa ndani miezi, hiyo ni kuanza safari mara ya pili.

Kwa hiyo itaje Fatehali Manji dhidi ya Jamhuri [1966] EA 343. Kusikilizwa upya huagizwa pale kesi ya kwanza ilipokuwa batili au na kasoro. Hakuagizwi pale ushahidi ulipokuwa haba, wala ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yake. Kisha onyesha pengo ni lipi: kitabu cha mizani ambacho askari hakukitazama. Kesi ikianza upya, jambo la kwanza litakalofanywa ni kulifuatilia pengo hilo. Omba hukumu na adhabu vifutwe, na mrufani aachiliwe isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine ya kisheria.

Karatasi na siku yenyewe

Kurasa nane zinatosha kwa hoja kama hii. Aya zipewe namba. Kila dai la ushahidi lifuatwe na ukurasa na mstari, na kabla ya kuwasilisha kaa na mtu mwingine, yeye ashike mwenendo nawe usome namba moja moja. Namba moja ikikosewa, jaji akafungua ukurasa asikute unachosema, ataanza kuzitilia shaka na zile sahihi. Maneno ya shahidi yanukuliwe kama yalivyo, hata kama sarufi yake imevunjika, na usiyalainishe yakupendeze.

Mpe nakala mwendesha mashtaka mapema, ndani ya muda uliowekwa na mahakama. Mara nyingine, akisoma hoja iliyonyooka, hukubali mwenyewe kwamba hukumu haiwezi kusimama. Akikubali, jaji bado ataupima ushahidi, kwa hiyo usiende mikono mitupu ukidhani mambo yamekwisha.

Siku ya kusikilizwa, jaji atakuwa ameshasoma. Ukipewa dakika tano usizisome hoja zako upya. Fungua ukurasa wa 66 na msomee ile mistari minne. Kisha fungua ukurasa wa 36 na msomee jibu la askari: "Sikwenda kwenye banda la samaki. Sikuona haja." Nyamaza hapo umpe nafasi ya kuuliza. Karibu kila mara swali la kwanza huhusu mlinzi, yaani kwa nini asiaminiwe mtu aliyemjua kijana miaka mingi, na wakati huo kidole chako kiwe kimeshafika ukurasa wa 37.